Banda la Mraba na Makuti Yaliyopungua

Ukitoka Ukunda ukateremka Diani, kisha ukashika njia ya Msambweni, huwezi kukosa kuliona: banda la kupumzikia lenye sakafu ya mraba, nguzo nne, na vipaa vinne vya makuti vinavyopanda hadi kukutana kwenye kilele kimoja. Katika hisabati umbo la paa hilo ni piramidi yenye kitako cha mraba. Fundi huliita banda tu, na kwa kawaida hakosei. Anayekosea ni mwenye banda, siku ya kwenda kununua makuti.

Nilikosea mimi, mwalimu wa hisabati. Banda langu lilikuwa na mita 6 kila upande, kutoka nguzo hadi nguzo, na paa lilinyanyuka mita 4 kutoka usawa wa vichwa vya nguzo hadi kileleni. Nikaona vipaa ni pembetatu nne, kila moja na kitako cha mita 6. Nusu ya 6 mara 4 ni 12. Mara nne ni 48. Nikanunua makuti ya kutosha mita za mraba 48, wala sikuongeza hata kuti moja. Yakaisha kipaa cha tatu kikiwa kimepata safu nne tu.

“Mwalimu,” fundi akaniambia kutoka juu, “wewe umepima hewa. Mimi naezeka mteremko.”

Alikuwa amesema kweli. Zile mita 4 ni urefu wa timazi: uzi ukining’inizwa kutoka kileleni hadi katikati ya banda. Hakuna kuti linalofungwa juu ya uzi huo. Makuti hulala kwenye mteremko, na urefu unaotakiwa ni ule wa kutoka kileleni kushuka juu ya kipaa hadi katikati ya ukingo wake wa chini. Huu ndio kimo mshazari, na siku zote huzidi kimo cha wima.

Kuupata hakuhitaji kupanda juu. Simama katikati ya banda, chini ya kilele. Kutoka hapo hadi katikati ya upande wowote ni nusu ya 6, yaani mita 3. Uzi wa timazi unasimama wima juu ya mstari huo, na mteremko unaziba pembetatu. Una pembetatu yenye pembemraba, na kanuni ya Pithagora inafanya kazi iliyobaki: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Kimo mshazari ni mita 5. Basi kila kipaa ni nusu ya 6 mara 5, yaani mita za mraba 15, na vinne ni 60.

Wengine hukosea upande wa pili. Huchukua boriti inayopanda kutoka kona hadi kileleni wakadhani ndiyo kimo mshazari. Lakini kona iko mbali zaidi na kitovu cha banda kuliko katikati ya upande, kwa hiyo boriti hiyo ni ndefu zaidi: hapa ni kama mita 5.83. Ukiitumia utapata karibu mita za mraba 70, na makuti yatabaki. Kabla ya kuamini hesabu yako, zipange namba tatu: kimo cha wima ni kidogo, kimo mshazari kinafuata, boriti ya kona inazidi yote. Mpangilio ukivurugika, kuna mahali umeteleza.

Sasa, makuti yangu yalitosha mita 48 na paa lilitaka 60. Upungufu wa 12 hauwezi kueleza kwa nini vipaa viwili vilikuwa karibu vitupu. Kosa la pili lilikuwa upenu. Hakuna banda la pwani ambalo paa lake linakomea kwenye nguzo; linatokeza nje ili mvua ya masika isipige ndani. Langu lilitokeza sentimita 60 kila upande, na mimi niliona ni kidogo cha kupuuza. Lakini kitako cha paa hapo si 6 tena, ni 7.2. Kila urefu umekuzwa mara 1.2, na kimo mshazari kimetoka 5 hadi 6. Nusu ya 7.2 mara 6 ni 21.6, vipaa vinne ni mita za mraba 86.4. Urefu ukikua mara 1.2, eneo hukua mara 1.44. Upenu uliodharauliwa ulidai makuti ya mita 26.4, zaidi ya mara mbili ya kosa langu la kwanza.

Upenu huohuo una hila nyingine. Ukitoka nje sentimita 60 kwa mteremko wa banda langu, unashuka sentimita 80. Nguzo zikiwa za mita 2.4, ukingo wa makuti unafika mita 1.6 kutoka ardhini, na wageni wako watainama kama wanaingia kuswalia pangoni. Urefu wa nguzo upangwe baada ya hesabu hii.

Kuhusu mwinuko wenyewe, makuti hayapendi paa lililolala. Chini ya nyuzi 45 maji hukawia, na kuti huoza mapema. Kipimo chake ni rahisi: kimo cha wima kisipungue nusu ya upande. Kwa banda la mita 6, mita 3 ndiyo mwisho.

Ukiulizwa eneo lote la uso wa piramidi, ongeza kitako: 60 na 36 ni 96. Fundi wa makuti hana haja na hiyo 36, kwa sababu haezeki sakafu. Ukiamua kuweka dari ya mbao kwenye usawa wa vichwa vya nguzo, hapo ndipo inakuwa na kazi.

Ujazo nao ni theluthi ya eneo la kitako mara kimo, na hapa kimo cha wima ndicho kinachotakiwa. Theluthi yatoka wapi? Chukua sanduku lenye pande sawa, lenye urefu wa 6, ukaunganisha kitovu chake na kona zote. Linagawanyika piramidi sita zinazolingana, kila moja na kitako cha 36 na kimo cha 3. Sanduku lina 216, hivyo kila piramidi ina 36, na 36 ni theluthi ya 36 mara 3. Paa langu, bila upenu, lina theluthi ya 36 mara 4: mita za ujazo 48. Ni ile 48 iliyoniponza, lakini zimefanana kwa bahati tu.

Kwa banda la wazi, ujazo huo ni hewa tupu. Tazama badala yake nguzo za geti zenye kofia ya zege iliyochongoka. Kofia ya sentimita 60 kila upande na kimo cha sentimita 40 ni banda langu lililopunguzwa mara kumi. Kimo mshazari ni sentimita 50, na eneo la kupaka rangi limepungua mara mia, kuwa mita ya mraba 0.6. Ujazo umepungua mara elfu: mita ya ujazo 0.048, yaani lita 48. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi, kwa hiyo kofia hiyo ni kama kilo 115. Ukiwa unataka kuimwaga chini kisha ipandishwe juu ya nguzo, tafuta watu wanne kabla haijakauka.