Herufi sita na soko la Ethiopia

Mwanafunzi wa masoko akipewa PESTLE, mara nyingi hujaza vichwa sita: siasa, uchumi, jamii, teknolojia, sheria na mazingira, kisha anakabidhi kazi. Hiyo ni orodha tu, uchambuzi bado.

Tuchukue Safaricom kuingia Ethiopia. Mei 2021 muungano ulioongozwa nayo ulishinda leseni kwa dola milioni 850. Kwenye sheria, usiandike tu "kuna leseni". Uliza inaruhusu nini. Hiyo haikuruhusu huduma za fedha kwa simu. Leseni ya M-Pesa ilipatikana Mei 2023. Kwa kampuni iliyojengwa juu ya M-Pesa, hapo mpango wa mauzo hubadilika: unaanza na vifurushi vya data na sauti.

Uchumi nao una mtego. Wateja hulipa kwa birr, vifaa vya minara hununuliwa kwa dola. Julai 2024 serikali iliiachia birr ielee, ikaporomoka, na gharama zikapanda.

Kwa hiyo kila jambo unaloandika liambatanishe na uamuzi: bei, bidhaa au muda wa kuanza. Lisilobadilisha uamuzi wowote, lifute.