Je, Wajua? Nani Kaihamisha B?

Chukua karatasi ya grafu, uchore pembetatu yenye vipeo A (1, 1), B (4, 1) na C (1, 3). Sasa B ihamie (6, 1). Je, wajua kwamba kwa habari hiyo peke yake huwezi kusema kama pembetatu imeakisiwa, imezungushwa au imekuzwa? Zote tatu zaweza kuifikisha B pale pale. Watakaotoboa siri ni A na C.

Je, wajua kwamba mstari wa kioo haubahatishwi? Tuseme A′ imekuwa (9, 1) na C′ (9, 3). Unganisha kila kipeo na taswira yake, utafute katikati: kati ya A na A′ ni (5, 1), kati ya C na C′ ni (5, 3). Nukta zote za katikati ziko kwenye x = 5, na hicho ndicho kioo. Jibu ni "uakisi katika mstari x = 5"; ukiandika "uakisi" tu, umejibu nusu. Tena x = 5 husimama wima. Wengi huulaza kwa kuwa mhimili wa x umelala, wakasahau kwamba kinachofanana kwa nukta zake zote ni ile 5.

Je, wajua kwamba kidole chatosha kuutambua uakisi? Fuata A, B, C kwenye umbo la mwanzo: kidole kinakwenda kinyume na mishale ya saa. Fuata A′, B′, C′: sasa kinakwenda na saa. Mzunguko hauwezi kugeuza mpangilio huo hata kidogo, wala ukuzaji.

Je, wajua kwamba kitovu cha mzunguko hupatikana kwa mistari miwili tu? Safari hii A′ ni (6, 4), B′ ile ile (6, 1), na C′ (8, 4). Kidole hakigeuki na urefu wa pande haujabadilika, basi ni mzunguko. Kitovu kiko mbali sawasawa na B na B′, kwa hiyo lazima kiwe juu ya mstari unaoikata BB′ katikati kwa nyuzi 90, yaani x = 5. Fanya vivyo hivyo kwa CC′: katikati yake ni (4.5, 3.5), na mstari wake unashuka hatua 7 kwa kila hatua 1 ya kwenda kulia. Mistari hiyo inakutana (5, 0). Hakiki: kutoka hapo B iko hatua 1 kushoto na 1 juu, B′ hatua 1 kulia na 1 juu. Ni nyuzi 90, kuelekea mwendo wa saa. Yote matatu yaandikwe: kitovu, pembe, mwelekeo. Pembe ikiwa 180 tu ndipo mwelekeo hauna kazi.

Je, wajua kwamba kitovu cha ukuzaji chaweza kukaa juu ya umbo lenyewe? Sasa A′ ni (0, 1), B′ (6, 1), C′ (0, 5). Upande AB ulikuwa 3, umekuwa 6. AC ulikuwa 2, umekuwa 4. Kipimo cha ukuzaji ni 2, na eneo limepanda mara 4, kutoka 3 hadi 12. Lakini ukichora AA′ na BB′ kutafuta kitovu, unakwama: yote miwili imelalia y = 1. Chora CC′, nayo itaikata y = 1 kwenye (2, 1), kati ya A na B. Ndiyo maana A ilisogea kushoto huku B ikienda kulia.

Je, wajua kwamba kipimo cha ½ nacho huitwa ukuzaji, ingawa umbo linapungua? Na kipimo cha −1 ni sawa na kuzungusha nyuzi 180 kwa kitovu kile kile. Pantografu, chombo alichokibuni Christoph Scheiner mwaka 1603, hukuza michoro hivi hivi: ncha moja imefungwa mahali pamoja, nayo ndiyo kitovu.

Na je, wajua kwamba ule mzunguko wetu ni vioo viwili? Akisi pembetatu ya mwanzo katika x = 5, upate (9, 1), (6, 1) na (9, 3). Kisha akisi matokeo katika y = x − 5: (9, 1) inakuwa (6, 4), (9, 3) inakuwa (8, 4), na B haitikisiki kwa sababu imesimama juu ya kioo chenyewe. Vioo hivyo vinakutana (5, 0), na pembe kati yao ni nyuzi 45, nusu kamili ya 90.