Mchujo wa wakoloni bado uko mlangoni pa kidato cha kwanza

Hadi mwaka 2019, mgeni aliyepita Mloka kuelekea lango la Mtemere alikuwa anaingia Selous, pori lililobeba jina la mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwezi Januari 1917 na kuzikwa hukohuko. Leo anaingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Juu zaidi, pale mto unapopita kwenye korongo lililoitwa kwa jina la Stiegler, pana bwawa la umeme lenye jina la Mwalimu. Upande huu wa Rufiji majina ya kikoloni yameondoka ndani ya miaka michache. Lakini mtoto wa Mloka akifaulu darasa la saba anakutana na jambo la kikoloni ambalo halijaguswa: siku anayoanza sekondari, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza.

Wengi tunadhani urithi wenyewe ni Kiingereza. Mimi naona ni mahali kilipowekwa. Wajerumani walifundisha kwa Kiswahili katika shule zao za serikali, kwa kuwa walihitaji makarani na maakida wa kuwaendeshea utawala. Waingereza waliendelea na Kiswahili katika madarasa manne ya mwanzo, Kiingereza kikaanza kushika nafasi kuanzia darasa la tano. Wengi walioanza shule waliishia darasa la nne. Wachache waliovuka ndio waliotarajiwa kuingia ofisini. Mpangilio huo haukuwa bahati mbaya: lugha ilibadilika palepale serikali ilipotaka kuwatenga wachache na wengi.

Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na bado tunalionea fahari. Ila mpaka wenyewe haukuvunjwa. Ulisogezwa tu kutoka darasa la tano hadi kidato cha kwanza, na ukawa mkali zaidi, kwa sababu sasa mtoto anasoma miaka saba kwa lugha moja kisha anatakiwa kuhamia lugha nyingine katika masomo karibu yote kwa mara moja. Wakati ule waliofika sekondari walikuwa wachache mno, hivyo walioumia hawakuonekana. Shule za kata zilipojengwa kwa wingi kuanzia miaka ya 2000, na ada ya sekondari za serikali ilipofutwa kuanzia mwaka 2016, mchujo uliotengenezwa kwa ajili ya wachache ukaanza kuwapitia watoto wa karibu kila kijiji.

Tuchukue somo la jiografia, mada ya mto. Mtoto wa bonde la Rufiji anaijua kabla hajafundishwa. Anajua mto unafurika lini, unaacha tope wapi, na kwa nini shamba la mlau, lile linalolimwa maji yanapopungua, halihitaji mbolea. Pengine amelala kwenye dungu kulinda mpunga, na ameona ukingo mmoja ukimegwa huku ng'ambo ya pili mchanga ukijazana. Mwalimu wa kidato cha kwanza angeweza kuanzia hapo. Badala yake anaandika notsi ubaoni kwa Kiingereza, wanafunzi wananakili, na sehemu kubwa ya kipindi cha dakika 40 inaishia hapo. Anauliza kama wameelewa, darasa zima linaitikia kwa pamoja kwamba ndiyo. Mwalimu mwenye huruma anafunga mlango na kueleza upya kwa Kiswahili, akiibia, kwa sababu ukutani pamebandikwa tangazo la kukataza Kiswahili. Kwa dakika hizo chache mikono inanyanyuliwa na maswali yanakuja. Kisha unafika mtihani, nao uko kwa Kiingereza.

Anayesahihisha hukutana na dalili zilezile. Maswali ya kuchagua herufi yana nafuu kidogo. Penye kutakiwa kueleza sababu, mwanafunzi amelinakili swali lenyewe kama jibu, au ameandika sentensi aliyoikariri kutoka kwenye notsi isiyohusiana na alichoulizwa. Alama zinamhukumu kuwa hajui mto. Kilichopimwa hasa ni Kiingereza chake.

Katika historia inauma zaidi. Kinjikitile Ngwale alitoa maji yake Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Sehemu hizo zote ni za Rufiji. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walisambaa vijijini kuwasikiliza wazee wa Majimaji, na insha walizoandika kutokana na masimulizi hayo zikatoka kwa Kiingereza. Maudhui ya somo yalikombolewa mapema sana: shujaa akawa wa kwetu na vita vikaelezwa kwa macho ya waliopigana. Hata hivyo, kwa miongo mingi vitukuu wa wasimulizi wale wamejifunza habari ya Mohoro kwa lugha ambayo babu zao hawakuisimulia. Mtaala mpya umeanza kurekebisha hilo kwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili hadi sekondari. Ni somo moja kati ya mengi.

Tume ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu wakakuta Kiingereza cha walio wengi hakitoshi kusomea masomo mengine, kisha wakashauri kiendelee kutumika hivyohivyo, na Uingereza ikagharamia mradi wa kukiimarisha. Mtafiti Halima Mwinsheikhe alipolinganisha masomo ya baiolojia kwa lugha zote mbili aliona ushiriki wa wanafunzi ukipanda pale Kiswahili kilipotumika. Sera ya elimu ya 2014 ikaahidi Kiswahili katika ngazi zote. Toleo lake la 2023 likarudisha Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia kuanzia sekondari.

Mzazi wa Mloka anayetaka Kiingereza hakosei. Kambi za watalii ziko mlangoni pake, na kijana anayezungumza na mgeni ndiye anayepata kazi ya kuendesha gari au kupokea wageni. Lakini Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelieleza hili kwa miaka mingi: lugha hujifunzwa vizuri ikifundishwa kama somo, na mwalimu aliyesomea kuifundisha, kwa mazungumzo na kusoma vitabu. Kukariri notsi za kemia hakumfundishi mtu kuzungumza na mtalii. Mwenye uwezo anampeleka mwanawe shule ya Kiingereza tangu awali, na mtoto huyo hauoni mpaka huo kamwe.

Kazi ya kubadili ipo, na si ndogo. Istilahi si tatizo kubwa, maana kamusi ya Kiswahili ya baiolojia, fizikia na kemia ilikwishatoka tangu mwaka 1990. Tatizo ni vitabu vya vidato vyote, walimu waliosoma masomo yao kwa Kiingereza wanaohitaji kufundwa upya, na mitihani. Hatua ya kwanza ambayo haihitaji vitabu vipya ni kuchapa karatasi ya mtihani kwa lugha zote mbili na kumruhusu mwanafunzi ajibu kwa anayoiweza.

Muda uliobaki si mrefu. Kwa sera mpya elimu ya lazima ni miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mwaka 2027 watamaliza pamoja wa darasa la sita na wa darasa la saba, na Januari 2028 makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Mchujo wa mkoloni uliwekwa njiani mwa waliochaguliwa. Safari hii utakuwa ndani ya elimu ambayo sera inamtaka kila mtoto aimalize, na wa kwanza kukutana nao hivyo wako madarasani sasa hivi, Mloka na kwingineko.