Kusoma Ankara ya Kigeni (Sehemu ya Tatu): Barua Pepe Moja kwa Kichina Kabla ya Kutuma Fedha

Katika sehemu iliyopita tuliona jinsi ya kupiga picha ankara ya Kichina na kuitafsiri kwa simu. Tafsiri hiyo humpa mfanyabiashara picha ya jumla: bidhaa gani, ngapi, kwa bei gani, zilipwe lini. Hatari yake haimo katika maneno yanayotoka yakiwa vurugu, kwa kuwa vurugu huonekana na kila mtu huistukia. Hatari imo katika maneno yanayotoka safi huku yakiwa yameficha tofauti iliyomo kwenye karatasi. Hoja yangu leo ni kwamba tofauti ya namna hiyo haiwezi kuulizwa kwa Kiswahili, wala kwa Kiingereza, wala kwa simu. Huulizwa kwa maandishi, kwa lugha ya muuzaji, na kwa herufi zilezile alizoziandika yeye.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza chupa za chai kutoka Yiwu. Profoma yake inasema 200件, kila moja ina chupa 12, bei ya chupa ni yuani 28, na jumla ni yuani 67,200. Neno 件 humaanisha kitu kimoja au furushi zima, na tafsiri ya simu huenda ikasema “vipande 200”. Kabla ya kumwandikia mtu, chukua kikokotoo. Chupa 200 kwa yuani 28 ni yuani 5,600 tu, lakini katoni 200 zenye chupa 12 ni chupa 2,400, na hizo kwa yuani 28 zinafika 67,200 kamili. Ankara imejieleza yenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza. Swali ambalo hesabu inalijibu lisiingie kwenye barua, maana litachukua nafasi ya lile ambalo muuzaji peke yake ndiye awezaye kulijibu.

Swali hilo lipo chini ya karatasi. Kifungu cha 3 kinadai asilimia 30 ya malipo itangulie, na kinaiita fedha hiyo 订金. Kifungu cha 4 kinasema mzigo utatoka siku 30 baada ya kupokelewa 定金. Tafsiri ya simu inaweza kusema “amana” mahali pote pawili, na msomaji akapita bila wasiwasi. Sasa tazama karatasi yenyewe: herufi ya kwanza ya 定金 ina paa juu yake, ilhali ya 订金 ina kialama kidogo kimesimama ubavuni kushoto. Maneno haya hutamkwa sawasawa, lakini mbele ya sheria si neno moja. 定金 ni kile wazee wetu wa biashara walichokiita arbuni, fedha inayofunga pande zote mbili. 订金 ni malipo ya awali tu, sehemu ya bei iliyotangulia.

Uzito wa tofauti hiyo umo katika Kanuni ya Sheria za Kiraia ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Kwa kifungu cha 587, mnunuzi aliyetoa 定金 akivunja mkataba kiasi cha kuharibu lengo lake, hana haki ya kudai fedha hiyo. Muuzaji naye akiuvunja namna hiyohiyo, hurudisha maradufu. Kifungu cha 586 kinaweka kikomo: arbuni isizidi asilimia 20 ya thamani ya mkataba, na kinachozidi hapo hakina nguvu ya arbuni. Kwa ankara yetu, asilimia 30 ni yuani 20,160, na katika hizo ni 13,440 tu zinazoweza kufunga. Muuzaji akishindwa kabisa kuleta mzigo, na fedha ikiwa 定金, mnunuzi anaweza kudai 26,880 pamoja na zile 6,720 zilizozidi, yaani 33,600. Ikiwa 订金, anarudishiwa 20,160 zake, na hasara nyingine atalazimika kuithibitisha. Hesabu hii inasimama pale mkataba unapoongozwa na sheria ya China.

Basi barua iandikweje? Mtu akiandika swali lake kwa Kiswahili na kulipitisha kwenye programu ya tafsiri, atakuwa ameuliza kama amana ni amana au ni amana, na muuzaji atajibu “ndiyo”. Maneno mawili yenye utata yanakiliwa kutoka kwenye ankara herufi kwa herufi, kisha yanalinganishwa tena na karatasi. Mengine yaliyobaki yawe sentensi fupi zenye tarakimu, kama hivi:

```
您好！贵司形式发票第3条写“订金”，第4条写“定金”。请确认：
1. 20,160元是定金还是订金？
2. 如果我方取消订单，这笔钱退不退？
3. 如果贵司不能交货，退多少元？
请用邮件回复，并改正发票。谢谢！
```

Salamu ni moja, na mgongano unatajwa kwa namba za vifungu. Swali la kwanza linauliza jina la fedha. La pili linauliza kama itarudishwa mnunuzi akifuta oda, na la tatu zirudi yuani ngapi muuzaji asipoleta mzigo. Maswali ya pili na ya tatu ndiyo kipimo cha la kwanza: akijibu 定金 kisha akasema atarudisha 20,160 tu, ujue jina na maana bado havijakutana, na usilipe. Ombi la mwisho, kwamba ankara irekebishwe, lina kazi yake pia, kwa sababu jibu zuri lililo pembeni ya ankara mbovu linaacha karatasi mbili zinazopingana.

Wapo watakaosema kwamba wauzaji wengi wa Yiwu wana vijana wanaojua Kiingereza, au kwamba simu ni ya haraka zaidi. Kiingereza kina tatizo lilelile la neno moja kubeba yote mawili. Simu ni mbaya zaidi, kwa kuwa hata Mchina hawezi kuyatofautisha kwa sikio bila maelezo. Zaidi ya hayo, kifungu cha 469 cha kanuni hiyohiyo kinaihesabu barua pepe kuwa ni maandishi, ilhali mazungumzo ya simu yatahitaji ushahidi mwingine.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba muuzaji akiulizwa atachagua jibu linalomfaa yeye. Ni kweli, na hapo ndipo faida ya kuuliza mapema ilipo. Akisema 定金, mnunuzi asiye na hakika na soko lake ataomba ibadilishwe kuwa 订金 au ipunguzwe. Aliye na hakika, anayehofia tu kucheleweshewa mzigo, ataikubali kwa moyo mmoja, kwa kuwa inamfunga muuzaji kuliko inavyomfunga yeye. Uchaguzi huo upo mikononi mwake maadamu zile yuani 20,160 hazijatoka benki. Zikishatoka, herufi moja isiyosomwa imeshamchagulia.

Katika sehemu ijayo tutalisoma jibu la muuzaji, hasa lile linalosema “hakuna tatizo” bila kujibu lolote.