Ratiba ya Mradi: Kazi Ipi Ikichelewa Tarehe ya Kukamilika Husogea, na Ipi Haina Madhara

Mwananchi anayepita katika eneo la mradi wa maji kijijini huona mitaro ikichimbwa, mabomba yakishushwa na mnara wa tangi ukipanda. Kwa macho hayo hupima kama mradi unakwenda vizuri au umelala. Hata hivyo, tarehe ya kukamilika iliyoandikwa kwenye bango la mradi inaweza isitegemee kabisa kazi hizo zinazoonekana. Inaweza kutegemea pampu iliyoagizwa mbali, ambayo hakuna mwanakijiji aliyeiona na ambayo kuchelewa kwake hakumfanyi mtu yeyote asimame na jembe mkononi.

Wahandisi na wasimamizi wa miradi hutofautisha kazi za aina hizo mbili kwa utaratibu unaoitwa njia muhimu ya mradi. Utaratibu huo ulibuniwa nchini Marekani kuanzia mwaka 1957 na Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont pamoja na James Kelley wa kampuni ya Remington Rand, kwa ajili ya kupanga kazi za ujenzi na matengenezo ya viwanda. Hesabu zao zilifanywa kwa kompyuta za wakati huo, lakini kwa mradi wa ukubwa wa kijiji kalamu na karatasi vinatosha, kwa kuwa hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa.

Uchukuliwe mfano wa mradi wa kisima kirefu chenye pampu inayotumia umeme wa jua. Kuchimba kisima na kupima wingi wa maji yake kunahitaji wiki 3. Baada ya hapo ndipo pampu huagizwa, kwa sababu ukubwa wake huchaguliwa kulingana na kiasi cha maji kilichopatikana na kina yanapokaa. Kuiagiza hadi kuipokea ni wiki 6, na kuifunga pamoja na paneli zake ni wiki 2. Upande mwingine, mitaro huchimbwa kwa wiki 4, mabomba hulazwa kwa wiki 3, kisha vituo vya kuchotea maji hujengwa kwa wiki 2, kila kazi ikisubiri iliyoitangulia. Mnara na tangi lake huchukua wiki 7 na havisubiri kazi yoyote. Mwisho kabisa mfumo huunganishwa, hujaribiwa kwa presha na kusafishwa kwa klorini kwa wiki 2. Kazi hiyo ya mwisho haiwezi kuanza mpaka pampu, tangi na vituo vyote viwe tayari.

Kazi hizo huchorwa kama visanduku vilivyounganishwa kwa mishale, na mshale hutoka kwenye kazi inayotangulia kwenda kwenye kazi inayoisubiri. Katika mfano huu mishale hufanya njia tatu: ya kisima na pampu, ya mitaro na mabomba, na ya tangi. Zote tatu huanza siku moja na hukutana kwenye kisanduku cha majaribio.

Hatua ya kwanza ni kusoma mchoro kutoka kushoto kwenda kulia ili kupata muda wa mapema zaidi ambao kila kazi inaweza kumalizika. Kanuni yake ni fupi: muda wa mapema wa kuanza ukijumlishwa na urefu wa kazi hutoa muda wa mapema wa kumaliza. Kisima kinaanza siku ya kwanza na kumalizika baada ya wiki 3. Pampu inapokelewa baada ya wiki 9 na kufungwa baada ya wiki 11. Mitaro inamalizika baada ya wiki 4, mabomba baada ya wiki 7, vituo baada ya wiki 9. Tangi linamalizika baada ya wiki 7.

Panapokutana mishale kadhaa ndipo makosa mengi hufanyika. Majaribio yanasubiri njia tatu zinazofika katika wiki ya 11, ya 9 na ya 7. Hayawezi kuanza katika wiki ya 7 kwa sababu tu tangi limekamilika. Ni lazima yamsubiri wa mwisho kufika. Kwa hiyo katika hatua hii huchukuliwa namba kubwa kuliko zote, yaani 11. Majaribio yakichukua wiki 2, mradi unakamilika baada ya wiki 13, na hiyo ndiyo namba inayopaswa kuwa kwenye bango.

Hatua ya pili huanzia mwisho kurudi nyuma, na huuliza swali tofauti: kila kazi inaweza kucheleweshwa hadi lini bila kuharibu zile wiki 13? Sasa muda wa mwisho wa kumaliza hupunguzwa urefu wa kazi, na kinachobaki ni muda wa mwisho wa kuanza. Majaribio yanapaswa kumalizika katika wiki ya 13, hivyo yaanze si zaidi ya wiki ya 11. Kazi zote zinazoyatangulia lazima ziwe zimemalizika ifikapo wiki hiyo ya 11. Vituo, vinavyohitaji wiki 2, vinaweza kuanza hadi wiki ya 9. Mabomba yanaweza kuanza hadi wiki ya 6 na mitaro hadi wiki ya 2. Tangi linaweza kuanza hadi wiki ya 4. Kufunga pampu lazima kuanze wiki ya 9, kuiagiza wiki ya 3, na kisima lazima kianze siku ya kwanza. Iwapo kazi moja ingekuwa inasubiriwa na kazi kadhaa, ingechukuliwa namba ndogo kati ya mida ya mwisho ya kuanza ya kazi hizo, kinyume na ilivyokuwa katika hatua ya kwanza.

Tofauti kati ya muda wa mwisho wa kuanza na muda wa mapema wa kuanza ndiyo muda wa akiba wa kazi hiyo. Tangi linaweza kuanza mapema siku ya kwanza, au kuchelewa hadi wiki ya 4, hivyo lina akiba ya wiki 4. Mitaro, mabomba na vituo vina akiba ya wiki 2 kila kimoja. Kisima, uagizaji wa pampu na ufungaji wake havina akiba hata ya siku moja, na majaribio vilevile. Kazi hizo nne zisizo na akiba ndizo njia muhimu ya mradi huu: 3, 6, 2 na 2, jumla wiki 13.

Ipo namba moja hapo inayowapotosha hata wazoefu. Akiba ya wiki 2 iliyoandikwa kwenye mitaro, mabomba na vituo si wiki 6. Ni wiki zilezile 2 za njia nzima, zinazotumiwa kwa pamoja. Wachimba mitaro wakichelewa wiki 2, walazaji mabomba wanaanza kazi bila akiba yoyote, ingawa karatasi yao ya awali inawaonyesha wanayo. Ndiyo sababu msimamizi makini huandika akiba upya kila anapopokea taarifa ya maendeleo.

Hesabu hii hubadilisha maamuzi ya fedha. Kamati inayotaka maji yatoke mapema inaweza kuona mitaro inakwenda polepole na kuongeza vibarua ili imalizike kwa wiki 2 badala ya 4. Fedha zitatumika, mitaro itamalizika, na mradi utakamilika baada ya wiki 13 zilezile, kwa kuwa pampu bado haijafika. Kama fedha hizo zingelipia pampu kutoka kwa muuzaji aliye nayo ghalani, na muda wa kuipata ukapungua kutoka wiki 6 hadi 3, tarehe ingesogea mbele.

Isingesogea kwa wiki 3, hata hivyo. Njia ya pampu sasa ingekuwa na wiki 10 hadi mwisho wa majaribio, ilhali njia ya mitaro ina wiki 11. Mradi ungekamilika baada ya wiki 11, na njia muhimu ingehamia kwenye mitaro. Wiki 2 zimeokolewa. Wiki ya tatu imelipiwa bure, na sasa ni mitaro isiyo na akiba. Hapo ndipo kuongeza vibarua kungekuwa na maana.

Mchoro pia una jambo ambao hauusemi. Mishale huonyesha kazi ipi inasubiri ipi, lakini haionyeshi nani anaifanya. Tuseme kijiji kina kikundi kimoja tu cha mafundi waashi, nao ndio wanaojenga mnara wa tangi na vituo vya kuchotea maji. Kwa mujibu wa mchoro, tangi linaweza kuanza wiki ya 4. Likianza wiki hiyo litamalizika wiki ya 11, na ndipo mafundi waende kwenye vituo hadi wiki ya 13. Majaribio yatamalizika wiki ya 15. Akiba ya wiki 4 iliyosomwa kwenye karatasi ilikuwa wiki 2 tu, kwa sababu mafundi wana jumla ya wiki 9 za kazi za kumaliza kabla ya wiki ya 11. Ratiba iliyohesabiwa bila kuuliza idadi ya mafundi na mitambo huonekana nzuri hadi siku kazi mbili zinapowahitaji watu walewale.

Urefu wa kila kazi nao ni makisio. Mvua za masika zikijaza mitaro na uchimbaji wake ukachukua wiki 7 badala ya 4, mabomba yatamalizika wiki ya 10 na vituo wiki ya 12. Uchelewaji wa wiki 3 umemeza akiba ya wiki 2 na kusogeza mradi kwa wiki 1, hadi wiki ya 14. Kuanzia hapo pampu, iliyokuwa haina akiba, inapata wiki 1, na macho ya msimamizi yanapaswa kuhamia kwa walazaji mabomba.

Kwa hiyo katika mkutano wa kijiji, jibu kwamba mradi umefikia asilimia fulani halielezi mengi kuhusu tarehe. Katika mfano huu, mwishoni mwa wiki ya 9 tangi limesimama, mabomba yamefukiwa na vituo vimepakwa rangi, na kwa wiki 2 zinazofuata eneo la mradi linaweza kuonekana limeachwa, mbali na mafundi wachache walio kisimani. Maswali yanayopata jibu ni kazi ipi sasa haina akiba, ilipaswa kuanza lini, na ilianza lini.