Jibu lisilo sahihi nalo limelipiwa

Barua nyingi za malalamiko kwa kampuni za chatiboti hazifiki mbali kwa sababu zinachanganya hasira mbili katika aya moja: roboti inadanganya wateja, na ankara imepanda. Anayeipokea hujibu kwa kuomba radhi na kuahidi "kuboresha huduma", fedha haziguswi.

Tuchukue mfano wa muuza magodoro wa Mwanza anayejibiwa wateja wake wa WhatsApp na chatiboti. Kifurushi chake ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na mkataba unasema kinahusu "mazungumzo 1,000", kila la ziada shilingi 80. Mwezi huo wateja waliouliza ni 350 tu. Ankara ikaja ya 148,000.

Hesabu si ngumu ukishaomba kumbukumbu za mfumo. Kila mteja alijibiwa mara 6 kwa wastani, na 350 mara 6 ni 2,100. Toa 1,000 za kifurushi, zinabaki 1,100, ambazo kwa shilingi 80 ni 88,000. Kumbe kampuni ilikuwa inahesabu kila jibu, ilhali mkataba unataja mazungumzo. Kampuni ina sababu zake, kwani nayo kwa kawaida hulipia modeli ya lugha kwa vipande vya maneno vinavyoingia na kutoka, na kila jibu jipya huwa linabeba tena yaliyokwisha kusemwa. Maneno ya Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza, hivyo gharama hupanda. Lakini hayo ni ya kampuni na msambazaji wake. Aliyeweka saini aliona neno "mazungumzo".

Upande wa majibu, mteja aliyeuliza godoro la futi 5 kwa 6, unene wa inchi 8, aliambiwa 210,000. Bei ya dukani ni 245,000. Kabla ya kulaumu, mwenye duka afungue orodha zake za zamani. Ikiwa 210,000 ndiyo bei ya mwaka jana, basi orodha mbili zimebaki ndani ya mfumo na roboti inaokota yoyote inayoiona kwanza; hapo swali ni nani aliyepaswa kuifuta ile ya zamani. Ikiwa 210,000 haipo katika waraka wowote, roboti imeitunga, na hilo haliponywi kwa kupakia orodha upya. Mfumo unapaswa kuzuiwa kutaja bei ambayo haikuipata kwenye orodha. Barua isiyotofautisha haya mawili huwapa mafundi nafasi ya kusema kosa ni la mteja.

Kwa muuza magodoro wetu, bei ile haikuwa kwenye orodha yoyote. Sehemu muhimu ya barua yake ingekuwa hivi:

"YAH: MALALAMIKO YA MAJIBU YASIYO SAHIHI NA MADAI YA SHILINGI 88,000

Nimeambatisha mazungumzo ambamo mfumo wenu ulitaja bei isiyokuwemo katika orodha niliyowakabidhi, pamoja na orodha yenyewe. Naomba mnieleze chanzo kwa maandishi, na mfumo uache kutaja bei hadi utakaporekebishwa. Pili, mkataba wetu unahesabu mazungumzo, nanyi mmehesabu majibu. Naomba mrejeshe 88,000. Hata kama hesabu yenu ingekuwa sahihi, majibu 640 kati ya hayo yalitolewa kwa wateja waliorudi kuuliza baada ya kupewa bei ya uongo. Hayo pekee ni shilingi 51,200."

Hapo penye majibu 640 ndipo nguvu ya barua ilipo. Mteja aliyejibiwa vibaya huuliza tena, na kila swali la pili huongeza ankara, kwa hiyo kosa la kampuni linaiingizia fedha. Ukiwa na kiwango cha chini cha kudai, kampuni inayokataa dai kuu haiwezi kukwepa lote.

Haraka ya kusimamisha bei ina sababu pia. Mwaka 2024 baraza moja la Kanada, katika jimbo la British Columbia, liliamuru shirika la ndege la Air Canada kumlipa abiria aliyepotoshwa na chatiboti kuhusu nauli ya msiba. Shirika lilijitetea kana kwamba roboti inawajibika yenyewe, na utetezi huo ukakataliwa. Uamuzi huo haufungi mahakama za Tanzania, lakini mteja wa godoro hamjui msambazaji wa mfumo. Anamjua mwenye duka.

Kosa la mwisho ni kufunga akaunti kwa hasira kabla ya barua. Akaunti ikifungwa, kumbukumbu za mazungumzo huenda zisipatikane tena, na bila hizo 51,200 haithibitiki. Pakua kumbukumbu na ankara zote kwanza, ndipo uandike.