Lehemu ya Ujanani

Tumchukue kijana wa miaka 32. Havuti sigara, hana kisukari, presha yake ni ya kawaida. Majibu ya maabara yanaonyesha LDL, ile lehemu inayojijenga kwenye kuta za mishipa, ni milimoli 5.4 kwa lita. Baba yake alifariki ghafla kwa moyo akiwa na miaka 44. Daktari anaingiza takwimu kwenye kikokotoo, na hatari ya miaka 10 inatoka chini ya asilimia 5. Kijana anaambiwa apunguze chipsi, arudi mwakani.

Hesabu hiyo haina kosa, ila imejibu swali jingine. Katika vikokotoo hivi umri ndio wenye uzito mkubwa, kwa hiyo kijana karibu daima atatoka salama. Mshipa wenyewe huhesabu mzigo: kiasi cha LDL mara miaka ambayo lehemu hiyo imepita ndani yake. Kama LDL ya kijana huyu imekuwa juu hivyo tangu utotoni, 5.4 mara 32 ni karibu 173. Mwenye LDL ya 3 atafikia mzigo huo akikaribia miaka 58.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ulichapishwa Marekani mwaka 2006. Jonathan Cohen, Helen Hobbs na wenzao walichunguza Wamarekani Weusi waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya PCSK9. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tu, lakini ugonjwa wa mishipa ya moyo ulipungua kwa asilimia 88. Dawa zinazoanzwa uzeeni hazifikii hapo. Watu hawa walikuwa na nafuu hiyo tangu kuzaliwa.

Ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa 2018 unasema LDL ikifika 4.9 kwa mtu wa miaka 20 hadi 75, statini ianzwe bila kusubiri kikokotoo. Ikiwa 4.1 au zaidi, na baba au kaka aliugua moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, dawa inastahili kufikiriwa hata kabla ya 40.

Kwanza, kipimo kirudiwe. Tezi ya shingo iliyolegea, figo zinazovujisha protini au ini lenye matatizo huweza kupandisha LDL, na hapo hutibiwa chanzo. Kisha daktari ashike kano nyuma ya kisigino: ikiwa nene na yenye vinundu, ugonjwa wa kurithi wa LDL kuwa juu unashukiwa sana. Lakini kano laini haiuondoi.

Ugonjwa huo humpata takriban mtu 1 kati ya 300, na kila mtoto wa aliye nao ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Kwa hiyo ndugu na watoto wa kijana wetu nao wapimwe. Dada yake akikutwa nao na anapanga kubeba mimba, azungumze na daktari mapema, kwa kuwa statini kwa kawaida husimamishwa wakati wa ujauzito.